Stakabadhi ya ghala si mnada: mpunga uliohifadhiwa unavyogeuka mkopo, na gharama ya kusubiri bei

Ukikaa kwenye mashine za kukoboa pale Igurusi au Ubaruku, bonde la Usangu mkoani Mbeya, wakati wa mavuno, taja tu neno "stakabadhi" uone watu wanavyogawanyika. Yupo atakayekwambia siku stakabadhi ikiingia kwenye mpunga yeye anahama kilimo. Amesikia habari za kakao ya Kyela, ufuta wa Ruvuma na korosho za Mtwara: mzigo unakusanywa kwenye chama cha ushirika cha wakulima, AMCOS, unanadiwa, kisha mkulima anasubiri fedha ziingie benki. Yupo mwingine, mara nyingi aliyewahi kuhudhuria semina, atakayesema stakabadhi ni mkopo, unaweka mpunga ghalani na fedha unaondoka nazo. Wote wawili wanasema kweli, ila wanazungumzia mambo mawili tofauti yanayotumia karatasi moja.

Karatasi yenyewe ni rahisi kuelewa. Stakabadhi ya ghala ni hati inayotolewa na mwendesha ghala mwenye leseni, ikieleza kwamba amepokea mzigo wa aina fulani, uzito fulani na daraja fulani la ubora, kutoka kwa mtu fulani, na kwamba atautoa mzigo huo kwa anayeshika hati kihalali. Kwa Tanzania Bara mambo haya yanaongozwa na Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, na leseni za maghala hutolewa na Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala. Hapo hakuna mnada wala mkopo bado. Kuna ushahidi tu kwamba mali yako ipo mahali fulani, kwa kiasi na ubora unaojulikana.

Ushahidi huo unaweza kutumika kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuuza: mnunuzi hahitaji kuja kuchungulia magunia yako, anasoma hati na kutoa bei. Minada ya kakao na ufuta inaegemea hapo, na kwa mazao yaliyowekwa kwenye utaratibu huo mkulima hachagui sana siku ya kuuza. Njia ya pili ni kukopa: benki au SACCOS inakupa fedha huku mzigo wako ukibaki ghalani kama dhamana, halafu unauza baadaye bei ikikupendeza. Makala hii inahusu njia ya pili, kwa mpunga wa Usangu, ambako uamuzi wa lini uuze ndiyo kiini cha mchezo wote.

Nani anashika nini

Fikiria mtu aliyeweka simu bondi kwa mwenye duka. Simu bado ni yake, lakini hawezi kuiuza wala kuichukua mpaka alipe. Mwenye duka naye hana ruhusa ya kuitumia, anaishikilia tu. Mkopo wa stakabadhi unakwenda hivyo hivyo, ila kuna mtu wa tatu katikati. Mpunga hauendi benki. Unakaa kwa mwendesha ghala, ambaye si mkopeshaji wala mkopaji, na kazi yake ni kuhakikisha hautoki hata punje moja bila idhini ya anayedai.

Ndiyo maana stakabadhi ina sehemu mbili. Moja ni cheti cha umiliki, kinachosema mali ni ya nani. Nyingine ni cheti cha rehani, ambacho ukikopa kinakwenda kwa mkopeshaji. Ili mzigo utoke, vyote viwili lazima vikutane: mnunuzi aliyenunua kwako anakuja na cheti cha umiliki, lakini bila benki kuachia cheti cha rehani, mlango wa ghala haufunguliwi. Anayekwambia "ghala limechukua mpunga wako" hajaelewa hapo. Umiliki haujahama. Kilichofungwa ni uhuru wa kuutoa mzigo.

Kwa kawaida kuna mkataba wa pande tatu: wewe (au chama chako), ghala na mkopeshaji. Usome kipengele kimoja kwa makini kuliko vyote, kile kinachoeleza mkopeshaji anaruhusiwa kuuza mzigo lini na baada ya kukupa taarifa ya siku ngapi. Tutakirudia, maana watu hukisoma wakiwa wameshachelewa.

Kabla ya karatasi kuna jua na turubai

Mikopo mingi ya namna hii huharibikia kwenye unyevu wa mpunga kabla hata ya kufika kwenye riba. Mpunga wa kuhifadhi miezi sita unatakiwa uwe na unyevu usiozidi asilimia 14. Ukiwa juu ya hapo, unapata joto ndani ya gunia, punje zinageuka manjano, kuvu inaanza, na ukikoboa unapata mchele wenye harufu ambao hakuna mama lishe atakayeugusa.

Mtunza ghala hachukui neno la mtu. Ana bambo, kile chuma chenye mfereji kinachochomwa ubavuni mwa gunia kuchota punje za katikati, na ana kipima unyevu. Atachoma magunia kadhaa, ya juu na ya chini ya lundo. Mazungumzo yanayofuata mara nyingi ni haya:

"Mama, huu bado."

"Bado nini mwanangu, jana kutwa nzima ulikuwa juani!"

"Wa juu umekauka. Wa chini ya turubai haukugeuzwa. Huu hapa asilimia kumi na sita."

Kung'ata punje kwa jino, kama tulivyozoea, kunakwambia kama umekauka au la, lakini hakukwambii tofauti ya 14 na 16. Na kuna kosa la upande wa pili pia: mpunga ulioanikwa kwa pupa kwenye lami au sakafu inayochoma, bila kugeuzwa, hupata nyufa ndani ya ganda. Kwa nje unapendeza. Ukifika mashineni unatoka chenga tupu, na mchele wa chenga una bei yake. Anika kwenye turubai kwa tabaka jembamba, geuza mara kwa mara, na jua la mchana likizidi ukali ukusanye upumzike.

Jambo jingine la kuamua hapo mlangoni ni aina. Supa ina bei yake na SARO ina bei yake. Ghala nyingi huweka mizigo ya watu mbalimbali pamoja kwa daraja na aina, na hii inawashtua wengi: unapokuja kutoa, hupewi magunia yaleyale uliyoleta. Unapewa uzito uleule wa aina na daraja lililoandikwa. Kwa hiyo ukileta Supa safi na hati ikaandikwa "mpunga" tu, umejipunguzia bei mwenyewe. Soma hati kabla ya kuondoka: jina lako, tarehe, aina, daraja, idadi ya magunia, na zaidi ya yote kilo. Hapa lumbesa haina kazi, kwa sababu ghala linapima kwa mizani na kuandika kilo, siyo debe wala gunia.

Hesabu ya mama wa ekari tatu

Sasa tuchukue mfano. Bei na tozo nitakazotaja ni za kukokotolea tu, wewe utaweka za msimu wako na za ghala lako. Muhimu ni jinsi hesabu inavyotembea.

Mama mmoja ana ekari tatu pembezoni mwa Igurusi. Amevuna magunia 50, ya kilo 80 kila moja, yaani kilo 4,000. Mwezi wa saba anafika ghalani, kipimo kinasoma asilimia 16, anarudishwa kuanika. Anaporudi na asilimia 14, zaidi ya kilo 90 zimetoweka. Hakuna aliyemwibia, ni maji yaliyokauka. Pepeta kidogo, toa makapi, hati inaandikwa kilo 3,900.

Bei ya siku hiyo tuseme ni shilingi 800 kwa kilo. Mzigo wake una thamani ya shilingi 3,120,000. Mkopeshaji hampi zote. Anampa sehemu, tuseme asilimia 60, kwa sababu bei inaweza kushuka na yeye anataka nafasi ya kupumua. Asilimia 60 ni shilingi 1,872,000. Mama anachukua 1,800,000, anamlipa aliyemkodisha trekta, analipa ada ya shule, na kiasi kinabaki kwa maandalizi ya msimu ujao. Mlanguzi aliyekuwa akimzungukia tangu mpunga ukiwa majarubani ameondoka mikono mitupu.

Amepanga kukaa miezi sita, mpaka Januari. Gharama zake ni hizi. Riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye 1,800,000 ni shilingi 27,000, mara miezi sita inakuwa 162,000. Ghala linatoza tuseme shilingi 6 kwa kilo kwa mwezi. Hiyo ni 23,400 kwa mwezi, na kwa miezi sita 140,400. Wapagazi wa kushusha na kupakia, shilingi 500 kwa gunia kwenda na 500 kurudi, 50,000. Bima na fomu, tuseme 30,000. Jumla 382,400. Ongeza na upungufu wa kawaida wa uzito ghalani, asilimia moja, kilo 39. Januari atauza kilo 3,861.

Swali la kujiuliza ni moja: bei ifike ngapi ili asipate faida wala hasara ukilinganisha na kuuza zote Julai? Chukua 3,120,000, ongeza 382,400, gawanya kwa kilo 3,861. Jibu ni karibu shilingi 907. Hilo ndilo daraja la kuvuka. Bei ikipanda kutoka 800 hadi 850, jirani atamwambia "umeona, bei imepanda", lakini mama atakuwa amepoteza takribani shilingi 220,000. Bei ikifika 1,100, atauza kwa 4,247,100. Akitoa gharama zote anabaki na 3,864,700, faida ya 744,700 juu ya kile ambacho angepata Julai. Kwa ekari tatu hiyo si fedha ndogo.

Wengi hufanya hesabu ya bei ya Januari kutoa bei ya Julai na kuishia hapo. Wale wanaopita hapo hutoa riba, basi. Ghala, wapagazi na uzito hawavikumbuki, na ukiangalia hapo juu utaona vitu hivyo kwa pamoja vinaizidi riba. Binafsi nadhani kelele zote kuhusu riba zimewasahaulisha watu kubishana na ghala kuhusu tozo.

Kila mwezi una bei yake

Ukiivunja hesabu hiyo kwa mwezi unapata kitu cha kutumia zaidi. Riba 27,000 na ghala 23,400 ni shilingi 50,400 kwa mwezi. Igawe kwa kilo 3,900: karibu shilingi 13 kwa kilo. Maana yake, kila mwezi mama anaoendelea kusubiri, bei inatakiwa ipande angalau shilingi 13 ili kusubiri kwenyewe kusimtie hasara. Wapagazi na fomu haviingii hapa, kwa sababu hivyo analipa akae mwezi mmoja au sita.

Hiyo inabadilisha namna ya kuamua. Hakuna haja ya kuota bei ya juu kabisa ya mwaka. Kila mwisho wa mwezi anauliza mashineni bei ya leo, analinganisha na ya mwezi uliopita, na kuangalia kinachokuja. Kutoka Septemba hadi Desemba mpunga mwingi wa wakulima wadogo huwa umeshauzwa, na bei ina sababu ya kupanda. Januari na Februari watu wengi wananunua chakula, wakiwemo wakulima wenyewe. Lakini kuanzia hapo mpunga mpya uko njiani. Usangu inaanza kuvuna karibu Mei, na wanunuzi wanaoona mashamba yakichanua hawana haraka. Aliyeng'ang'ania Machi akisubiri shilingi 50 za mwisho anaweza kujikuta anauza pamoja na mpunga mpya, huku akiwa amelipia ghala miezi tisa au zaidi.

Tena si lazima kuuza kwa mkupuo. Mikataba mingi inaruhusu kutoa kwa mafungu: unaleta mnunuzi wa magunia 20, fedha zinapita kwa mkopeshaji, deni linapungua, na yeye anaachia magunia hayo 20. Riba ya mwezi unaofuata inahesabiwa kwenye deni lililobaki, kama mkataba unasema hivyo. Uliza mapema, maana mingine haisemi.

Bei isipopanda

Nyanda za Juu Kusini tuna kumbukumbu ya karibu ya mwaka ambao kusubiri kulikuwa hasara. Mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi. Waliokuwa na mahindi Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, waliozoea kwamba Januari ina bei kuliko Julai, waliona bei ikilala chini huku maghala yamejaa. Machi 2021 Kenya nayo ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na ingawa zuio hilo halikukaa sana, malori yalikwama mpakani. Mpunga una mambo yake: vibali vya kuingiza mchele kutoka nje vikitolewa kwa wingi, au mvua zikiwa nzuri na mabonde mengine yakavuna sana, Dar es Salaam haihitaji tena kupanda bei ili kuvuta mchele wa Mbeya.

Rudi kwa mama. Tuseme bei imeshuka hadi 600. Kilo 3,861 zinampa 2,316,600. Deni na riba ni 1,962,000. Ghala, wapagazi na bima 220,400. Anabaki na shilingi 134,200 mkononi. Amelipa kila mtu na hadaiwi, lakini ukijumlisha na zile 1,800,000 alizochukua Julai, mazao ya ekari tatu yamempa 1,934,200 badala ya 3,120,000.

Na huenda asifike hapo kwa hiari yake. Kile kipengele nilichosema usome kwa makini kinahusu hali hii. Wakopeshaji wengi huweka mpaka: deni likifika, tuseme, asilimia 80 ya thamani ya mzigo, wanakuita. Kwa mama huyu, riba ya miezi sita ikiwemo, mpaka huo ni pale mzigo unaposhuka hadi 2,452,500, yaani karibu shilingi 635 kwa kilo. Akiitwa ana mambo mawili: apunguze deni kwa fedha kutoka kwingine au akubali mzigo uuzwe. Kama mkataba unampa siku 14, anaweza kutafuta mnunuzi wake mwenyewe. Kama unampa siku tatu, atauziwa kwa bei ya yeyote aliye karibu. Ndiyo sababu kuchukua asilimia 60 na kubakiza kidogo ni salama kuliko kubembeleza upewe 70. Kadiri unavyokopa kidogo, ndivyo bei inavyohitaji kushuka sana kabla mtu hajakugongea mlango.

Vikwazo ambavyo semina huvipitia haraka

Benki haina hamu ya kushughulika na magunia 50. Gharama ya kukagua, kusajili na kufuatilia mzigo wa kilo 3,900 haina tofauti kubwa na ya tani 200. Kwa hiyo mara nyingi mama huyu atakopa kupitia AMCOS au SACCOS yake: chama kinakusanya mizigo, kinachukua stakabadhi na mkopo mkubwa, kisha kinagawa kwa wanachama. Hapo kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, jina lako na kilo zako viwe kwenye hati au kwenye orodha iliyosainiwa na ghala lenyewe, siyo kwenye daftari la katibu peke yake. Pili, muda. Nimesikia malalamiko haya zaidi ya yote: mpunga umeingia ghalani Julai, chama kinasubiri mizigo itoshe, kamati ya mikopo inakaa, na fedha zinatoka Septemba mwishoni. Miezi miwili hiyo mkulima analipia ghala bila kuwa na mkopo, na ada ya shule amekwisha kuilipa kwa kuuza mbuzi au kwa kukopa kwa mlanguzi yuleyule aliyekuwa anamkimbia. Kabla ya kupeleka gunia la kwanza, uliza msimu uliopita fedha zilitoka tarehe gani. Waliokopa wanakumbuka.

Kisha kuna suala la ghala lisilo na leseni. Mtu ana jengo zuri karibu na barabara kuu, anakuandikia risiti yenye muhuri, na wewe unaona umepata stakabadhi. Hujapata. Risiti ya kuhifadhi mzigo siyo stakabadhi ya ghala kisheria, na benki haitaipokea. Mbaya zaidi, mzigo ukipotea utadai kama unavyomdai mtu yeyote, bila bima wala dhamana ambazo sheria inamdai mwendesha ghala mwenye leseni. Leseni hubandikwa mahali inapoonekana na ina tarehe ya kwisha. Isome tarehe hiyo.

Dalili za ghala linalosuasua utaziona kwa macho: magunia yaliyolazwa moja kwa moja sakafuni badala ya juu ya vichanja, lundo lililoegemea ukuta ambako maji ya mvua hupenya, mavi ya panya pembeni, unga mweupe chini ya mahindi. Unga huo ni kazi ya dumuzi na wenzake, na kwa mahindi miezi mitatu tu bila kufukiza inatosha kuharibu mengi. Mpunga una ganda linaloukinga, ndiyo maana unahifadhika kuliko mahindi na kuliko mchele. Usije ukakoboa kwanza ndipo uhifadhi kwa kuwa mchele una bei kubwa kwa kilo. Hesabu ya kilo 100 za mpunga kutoa kilo 60 na ushee za mchele unaweza kuifanya siku ya kuuza, na wakati huo mchele utakuwa mpya na mnunuzi ataulipia upya wake.

Wewe unahitaji kiasi gani?

Kuna swali ambalo mtu wa mikopo hatakuuliza, kwa kuwa si kazi yake. Unahitaji fedha kiasi gani sasa hivi? Mama wa mfano wetu alihitaji 1,800,000, zaidi ya nusu ya mazao yake. Kwake mkopo una maana, kwani bila huo angeuza magunia karibu 30 kwa bei ya chini. Jirani yake mwenye magunia 50 vilevile, ambaye anahitaji laki sita tu, hana haja ya kuweka mzigo wote rehani. Akiuza magunia 10 mwezi wa saba amemaliza shida yake, na 40 yaliyobaki anayahifadhi bila riba, ghalani au nyumbani kama ana nafasi kavu na paka. Hata kama bei haikupanda, hakuna wa kumpigia simu.

Na mwenye magunia manane ya chakula cha nyumbani asiyaweke kabisa. Ghala likifungwa kwa deni, watoto hawali cheti cha umiliki, na Februari atalazimika kununua mchele kwa bei ileile aliyokuwa akiisubiri.

Kwa wanaoingia, siku ya kuuza fedha hazipiti mkononi mwako kwanza. Mnunuzi analipa kwenye akaunti uliyokubaliana na mkopeshaji, deni na riba vinakatwa, tozo za ghala zinakatwa, na salio linaingia kwako. Omba mchanganuo ulioandikwa, ukiwa na kilo zilizotoka, bei, na kila makato kwa jina lake. Kilo zilizotoka zilinganishe na kilo zilizoandikwa kwenye stakabadhi yako ya Julai. Upungufu wa asilimia moja kwa miezi sita unaeleweka. Ukiona asilimia nne, dai kupimiwa tena na uulize kwa maandishi, kabla hujasaini kwamba umelipwa.